Filamu Isiyotaka Msemaji

Lukumani alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi. Pale Kasongo, katika nyumba ya video karibu na soko, alisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya maneno ya wachezaji. Alicheka, alifoka, aliwapa majambazi majina ya watu wa mtaani. Chimène, mwalimu wa historia wa Kabambare, alipomwita aje kusemea filamu moja ya zamani, alipanda pikipiki bila kuuliza mengi.

Asubuhi waliiangalia wawili tu, darasani, vitenge madirishani. Ilitengenezwa Afrika ya Magharibi, miaka ya kwanza ya uhuru, na mtu aliyerudi kijijini kwao na kamera. Mwanamke anachuma pamba. Anachuma. Kamera imesimama mbali, haisogei.

Lukumani alipiga miayo. "Mwalimu, huyu mama atamaliza lini? Tupeleke mbele."

"Hapana. Usingoje jambo litokee. Angalia nani anaingia kwenye picha, nani anatoka, sauti gani inatoka inje ya picha."

"Na mimi nitasema nini?"

"Wakiongea, utafsiri. Wakinyamaza, unyamaze."

"Basi uliniita ya nini?"

"Sikiliza, ndugu yangu. Filamu za wakoloni zilionyesha watu wetu kazini, na juu yao sauti ya Muzungu: hawa wanafurahi, hawa wanapenda pamba. Waafrika wa kwanza kushika kamera, wengi waliitoa ile sauti. Waliacha kazi ichukue muda wake, mpaka wewe unayeangalia uchoke nayo."

Lukumani alitoka nje. Alizunguka uwanja wa shule, akatoa ufunguo wa pikipiki, akaurudisha mfukoni. Ile sauti juu ya watu! Mbona ilikuwa kama anasemwa yeye?

Mchana ukumbi wa shule ulijaa. Alitafsiri maongezi vizuri. Kisha ikaja picha ya mizani ya kupimia pamba: mstari wa watu na vikapu vya pamba, karani haonekani ila mkono wake. Kimya. Mabenchi yalilia. Vijana wakapiga miluzi.

"Lukumani, sema! Ulimi umekatika?"

Benchi zima liliinuka, likatoka. Mzaha juu ya ule mkono ulikuwa tayari mdomoni, akasogeza kipaza sauti. Hapo akasikia kitu kilichompita asubuhi: mtoto anakohoa, nje ya picha. Mwanamke wa pamba, pale mstarini, aligeuza shingo kule, lakini miguu haikusogea.

Lukumani alizima kipaza sauti.

"Hawezi kutoka," alisema Mwamvita, muuza chumvi, kutoka benchi la mbele. "Akitoka, iko fimbo. Mama ya mama yangu alilima hiyo pamba, hapa hapa."

Kwenye picha, mstari ulisogea hatua moja.

Filamu ilipoisha, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu.

"Utaionyesha Kasongo?" Chimène aliuliza.

"Kule watanikimbia wote." Lukumani alifunga projekta yake kwenye pikipiki, akafungua kamba, akafunga upya. "Nipe tu hiyo filamu, Mwalimu. Nataka kumsikia yule mtoto tena."