Karatasi Niliyoipanga Vibaya

Mama alikuwa mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka kumi na mmoja. Leo ni siku ya arobaini tangu tumzike, na siku ninayoikumbuka zaidi ni ile aliyonikasirikia bila kupaza sauti.

Muuguzi wa zahanati alimwomba afupishe mwongozo wa wizara wa watoto wagonjwa, kurasa hamsini ziwe karatasi moja. Mama akaniachia mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nilikesha nao. Asubuhi nikampa nakala moja mhudumu mwenzake, tuliyemwita Chapuchapu kwa utani kwa kuwa alikuwa mzito wa kazi, kisha nikamwonyesha mama.

“Mambo yote ya rufaa nimeyaweka pamoja, chini. Si yamependeza?”

Alisoma kwa kidole. “Yamempendeza nani? Mwongozo unaanza na dalili za hatari. Ukiiona moja, unampeleka mtoto zahanati. Wewe umeanza na kuhesabu pumzi.”

“Lakini zote zimo, mama.”

“Zimo mwishoni. Nani ana nakala hii?”

Nilipomwambia, alivaa viatu bila kufunga kamba.

Chapuchapu tulimkuta nyumba ya tatu ya ziara zake, sebuleni, amepiga magoti mbele ya mtoto wa miezi kumi na minne aliyelala mapajani mwa mama yake.

“Karibu dada! Nimehesabu pumzi dakika nzima: thelathini na nane. Umri huu, haraka ni kuanzia arobaini. Kikohozi tu. Leo nimemaliza kabla hujanicheka!”

Mama hakucheka; alimgeukia mwenye mtoto. “Mwanangu, ananyonya?”

“Tangu alfajiri amekataa,” yule mama akajibu. “Hata maji hanywi. Nilidhani ni usingizi.”

Mama alimwita mtoto, akamgusa. Hakufumbua macho.

“Karatasi ilisema chini ya arobaini nimshauri mama amtunze nyumbani,” Chapuchapu alinong’ona.

“Karatasi ni yetu. Mpigie muuguzi, mwambie tunakuja. Wala usimpe mtoto kitu mdomoni.”

Mama aliandika fomu ya rufaa. Mimi nilibeba begi. Njia nzima nilitazama kisigino kidogo kikining’inia kwenye mkono wa mama yake, kikiwa hakitikisiki, na nilijua ni mimi niliyekiweka pale. Zahanati walimpa dawa ya sindano, gari likampeleka hospitali. Siku tatu hatukujua kitu. Ya nne, baba yake akapiga simu: amenyonya.

Mama alikusanya nakala, akakaa nami mezani. Alisoma mwongozo kwa sauti, nami nikaandika kwa mpangilio ule ule: kwanza dalili za hatari, na rufaa papo hapo, ndipo pumzi. Nilipoandika “hamsini au zaidi” peke yake, akanisimamisha.

“Ya nani?”

“Miezi miwili hadi kumi na mmoja.”

“Andika. Na arobaini?”

“Mwaka mmoja hadi chini ya mitano.”

“Andika hiyo nayo. Nafasi ikiisha, punguza maneno yako.”