Sentensi ya Mwisho ya Hadithi ya Jana

Mwalimu Loyce alipanga dakika kumi za mwanzo wa kipindi cha Kiswahili, Darasa la Tatu, ziwe za kukumbuka hadithi ya jana. Wanafunzi wangesimuliana wawili wawili vitabu vikiwa vimefungwa, kisha wangepanga ubaoni sentensi alizoziandika kwenye vipande vya karatasi ya manila. Hapo ndipo angewaonyesha picha ya hadithi mpya, wabashiri inahusu nini.

Hakujua kwamba asubuhi hiyo Dorkas angerudi shuleni. Baba yake alizikwa wiki iliyopita kule Misigiri.

"Tulisoma habari za msichana aliyekuwa anamngoja baba yake atoke safari," Rebeka, anayekaa naye dawati moja, alimsimulia.

"Akarudi?"

Rebeka aligeuza kipande chake kifudifudi. "Bado."

Mwalimu alisikia, akatamani kuliacha zoezi hilo. Lakini vipande alikuwa ameshavigawa. Watoto wakavibandika kimoja kimoja, hadi ikabaki nafasi ya mwisho. Kipande cha Rebeka hakikuonekana, alikuwa amekikalia.

"Tuishie hapo," Mwalimu alisema haraka.

Dorkas alikuwa ameshakivuta. Alikisoma polepole, kwa sauti: "Jioni baba akarudi nyumbani." Akaenda kukibandika mahali pake, bila kukosea, akabaki amesimama, mkono ukiwa juu ya yale maneno.

"Wa kwangu harudi, Mwalimu."

Loyce alimkumbatia palepale mbele ya darasa, akalia naye. Hadithi mpya haikusomwa siku hiyo.