Swali la Nne la Mama wa Milango

Barua pepe ilikuwa ya Kifaransa, ndefu, haina aya hata moja. Mama mteja aliyeagiza milango kumi na miwili alilalamikia mvua, paka na shemeji yake aliyekuja kwa wiki moja akamaliza miaka sita. Mwisho akasema: asipojibiwa hoja kwa hoja kabla ya saa kumi, anavunja oda.

Karani alikuwa katika siku yake ya mwisho ya majaribio ya kazi. Mzee Randa, mwenye karakana, alishamwambia wazi: hata mlango mmoja ukipotea kwenye oda hii, na yeye aende zake.

"Alama za kuuliza ziko kumi na moja," Mzee Randa alisema, maana Kifaransa hakukijua, ila hizo alizijua. "Mjibu zote."

"Mzee, hizo ni za kulia tu. 'Mungu wangu, nimekosa nini?' Hilo si letu. Maswali yenyewe kayafukia humu katikati, hayana hata alama." Akayapigia mstari kwa penseli kwenye barua aliyoichapisha. Mama anaposema hajui kama vipimo vina fremu ndani yake, hilo swali. Anaposema anaogopa mbao mbichi, swali. Anaposema hakumbuki alichagua milango ifungukie upande gani, swali.

Karani akaenda kwa fundi, akarudi na majibu, akaandika kwa namba. Moja: vipimo ni vya mlango mtupu, fremu ni ya ziada. Mbili: mbao zimekaushwa, unyevu ni asilimia kumi na moja, tumepima leo. Tatu: saba inafungukia kulia, mitano kushoto, orodha ya vyumba hii hapa.

"Na hili?" Mzee Randa akabandika kidole kwenye karatasi. "Lina alama!"

"Anasema, 'Kuishi na shemeji huyu, haya ni maisha?'"

"Mteja kauliza, wewe unamkaushia? Andika. Nne: hapana, Mama, hayo si maisha."

Karani alibisha weee, mwisho akaandika.

Jibu likaja saa tisa na nusu. Karani alilisoma kimoyomoyo. Hapo karakanani hakuna mwingine aliyejua Kifaransa. Angesema tu "kashukuru" na mkataba wake wa kazi ungesainiwa. Aliogopa, lakini akasoma lilivyo.

"Moja, mbili, tatu, amekubali. Nne, anasema ni kweli kabisa. Leo kamfukuza huyo shemeji, na chumba chake anakibomoa. Sasa anataka milango kumi na mmoja tu."

Mlango mmoja ulikuwa umepotea.

"Ungeweza kunificha," Mzee Randa alisema.

"Ningeweza."

Mzee akavuta mkataba, akasaini, akamsukumia. Kisha akakuna kidevu.

"Haya, mwandikie tena. Muulize shemeji kahamia wapi. Huko aliko hatakosa kuhitaji mlango."