Niambie Umesikia Nini

Taarifa ile ilikuwa tamu mno, na Jerop hakuwa mtu wa kuamini vitu vitamu mno. Ilitoka ofisi ya mawasiliano ya chuo kimoja nje kidogo ya Eldoret, na kichwa chake kilipiga kelele: suluhisho la kudumu la viwavijeshi limepatikana. Dkt. Mideva na wenzake wamegundua kuvu inayoua viwavi sabini na wanane katika kila mia. Mkulima ataaga gharama za dawa. Njaa itabaki hadithi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na taarifa hii ilikuwa imejitembeza kwenye simu za watu hata kabla ofisi ya gazeti haijafunguliwa.

"Hii ni front page," alisema Murunga, mhariri wa gazeti lao la kila wiki. "Andika 'Mwisho wa Viwavi.' Watu wanaliwa mahindi saa hii. Gazeti litaisha kwa meza."

"Nani amesema ni mwisho?"

"Si wamesema wenyewe? Wewe Jerop, hata ukiletewa chai unauliza ng'ombe aliitwa nani."

Ofisi ikacheka. Jerop hakucheka. Yeye ndiye aliyeandika ukurasa wa sayansi, na alijua kwamba penye neno "suluhisho" huwa pana mtu anayetaka kitu. Lakini siku hiyo kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni kuliko maneno ya chuo. Asubuhi mama yake alikuwa amempigia simu kutoka Sugoi.

"Jerop, wanasema kuna dawa mpya ya chuo, na ni ya bure. Mama Cynthia hapa jirani ameacha kupiga spray. Hao watu mimi siwaamini. Nimeweka pampu chini, nangoja niskie kwako."

"Mama, usiningoje mimi. Piga dawa."

"Nipoteze pesa na ya bure iko njiani? Andika kwanza."

Mama alikuwa na kipande chake cha mahindi, yakiwa yamefika magotini, na hicho ndicho kilikuwa karo na unga wa nyumba nzima. Kila siku ambayo Jerop angechelewa, viwavi wasingechelewa. Akachukua mkoba, akaenda chuoni huku ameshamkasirikia Dkt. Mideva kabla hajamwona.

Dkt. Mideva naye alimpokea mlangoni mwa maabara kama mtu anayempokea mdai. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na macho ya kuchoka. Aliitazama simu ya Jerop iliyokuwa tayari kurekodi.

"Hiyo zima kwanza," alisema. "Mwenzako mmoja aliwahi kuniandika kwamba nimepata tiba ya mnyauko wa viazi. Nilikuwa nimepata swali, si tiba. Watu wa Ainabkoi walinijia hapa na magunia ya viazi vilivyooza, wakitaka dawa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Jerop alijiambia, lakini pia mwizi hapendi tochi. Hakujua yupi kati ya hao wawili amesimama mbele yake.

"Daktari, taarifa inasema suluhisho la kudumu. Ni nani anaiuza hiyo kuvu?"

"Hakuna anayeiuza. Haiuziki."

"Basi nani aliandika?"

"Ofisi iliandika. Mimi nilitia sahihi." Mideva alivuta pumzi. "Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikasoma haraka haraka. Na sitakudanganya, nilifurahi kidogo. Mtu akikaa miaka bila kutajwa, akitajwa hufurahi. Ingia."

Ndani kulikuwa na visahani vya kioo vyenye vifuniko. Kwenye kimoja kiwavi alilala amekauka, mwili umefunikwa unga wa kijani. Mideva alieleza polepole. Kuvu hii haihitaji kuliwa. Chembe zake, ndogo kuliko unga, humnata kiwavi kwenye ngozi, huota, hupenya ndani, na baada ya siku kadhaa kiwavi hufa. Kuvu za namna hiyo zinajulikana zamani, na nyingine zinauzwa madukani. Upya wa hii ni kwamba aina hii yenyewe haikuwa imeandikwa popote, na inakua vizuri kwenye baridi ya nyanda za juu, ambako nyingi hulegea.

"Na hao sabini na wanane?"

"Tulichukua viwavi mia, wadogo sana, wametoka tu kwenye mayai. Tukawaweka penye unyevu na kivuli, tukawanyunyizia kuvu. Wakafa sabini na wanane. Mia wengine tukawanyunyizia maji tu. Wakafa wanane."

Jerop aliinua kichwa. "Kwa hiyo hata bila kuvu wengine wangekufa."

"Sawasawa. Usiandike kwamba kuvu iliua wote sabini na wanane. Hilo ofisi hawakutaka kulisikia."

"Na shambani?"

Kimya. Jerop aliupenda ukimya ule, maana alidhani amemkamata.

"Shambani hatujajaribu," Mideva alisema mwishowe. "Jua huua chembe zake. Ukavu huzizuia kuota. Kiwavi mkubwa akijificha kwenye moyo wa muhindi, sijui kama itamfikia. Sijui pia itawafanya nini nyuki na wadudu wengine. Miaka inahitajika, na huenda mwisho tukakuta haifai. Andika hivyo. Fedha za utafiti wakininyima, basi."

Jerop alitoka pale na shaka imepungua, si kuisha. Aliandika usiku ule kwa moyo wa mtu aliyeshika ukweli mkononi. Hakuweka jina la Kilatini hata moja. Aliweka viwavi wa maji kando ya viwavi wa kuvu. Aliweka "haijajaribiwa shambani." Ili msomaji asipotee, alitafuta mfano wa nyumbani, akaupata, akaupenda mno: kuvu hii ni jamaa ya ule ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyowekwa vibaya ghalani. Nani Uasin Gishu asiyeujua?

Kesho yake, badala ya kuituma habari kwa Murunga, aliipeleka Sugoi. Hiyo ilikuwa desturi yake, na ofisini walimcheka kwayo. Kila habari ya sayansi aliisomea chama cha akiba cha mama yake kabla ya kuchapwa, na aliyesikiliza hakuulizwa kama ameelewa, kwa maana hakuna mtu mzima anayekubali kwamba hakuelewa. Aliulizwa mambo mawili: umesikia nini, na kesho utafanya nini.

Wanawake walikaa sebuleni kwa mama na vikombe vya chai. Jerop alisoma kwa sauti hadi mwisho. Waliitikia kwa vichwa vizuri sana.

"Haya. Mama Cynthia, niambie umesikia nini."

"Nimeskia vizuri," alisema jirani huyo, mwanamke mnene mwenye furaha. "Kwamba ukungu ya mahindi inaua viwavi. Na mimi niko na gunia mbili zimeharibika kwa store, nilikuwa nataka kutupa! Nitasaga, niweke maji, nimwage kwa shamba. Ile itabaki nipatie kuku."

Jerop aliweka karatasi chini. Mahindi yenye ukungu ni sumu. Watu wamewahi kufa kwa kuyala, na kuku naye hasalimiki.

"Mimi nimeskia ingine," alidakia Nanzala, aliyekuwa amekodi shamba ng'ambo ya barabara. "Kila siku radio inatuambia ukungu inaleta kansa ya maini. Sasa chuo inataka kutumwagia hiyo ukungu kwa shamba. Mimi sitaki kuona mtu wa chuo kwa boma yangu. Hao wanatujaribu kama panya."

"Lakini nimesoma kwamba haijajaribiwa shambani!"

"Ndiyo hiyo nasema. Wanatafuta shamba ya nani? Si yetu?"

Sentensi moja, na wanawake wawili wameelekea njia mbili, zote mbili mbaya. Jerop aliitazama karatasi. Alikuwa amemshuku mhariri, akaishuku ofisi ya mawasiliano, akamshuku Dkt. Mideva, mwanamke wa watu, hadi akaupenda ukimya wake. Sentensi yake mwenyewe ilipita katikati ya wote hao bila kuulizwa lolote. Nyani haoni kundule. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa ya moto.

"Na wewe, Mama?"

Mama yake aliinuka, akamwongoza nje hadi shambani. Kwenye mistari ya kando ya ua, mioyo ya mahindi ilikuwa imetafunwa, majani yana matundu, na ndani mna vinyesi vya viwavi kama vumbi la mbao. Ile mistari ya ndani bado ilikuwa mizima.

"Hii imeliwa tangu tuongee na simu," alisema mama, bila hasira. "Nilikuwa nakungoja. Umesoma maneno mingi, mazuri. Humo ndani sijaskia kama nipige dawa ama nisipige."

Jerop angependa zaidi akaripiwe. Alirudi sebuleni, akauomba radhi mkutano, akampigia Dkt. Mideva mbele ya wote.

"Daktari, ule mfano wa ukungu wa mahindi una ubaya gani?"

"Nani ameuweka?" Sauti ilipanda. "Ni kuvu zote, kweli, lakini ni kama kusema uyoga wa kula na uyoga wa sumu ni ndugu, halafu umwachie mtu sufuria! Utoe. Sema wazi kwamba mahindi yenye ukungu hayahusiki, na hayaliwi, si na mtu si na kuku."

Mama Cynthia aliweka kikombe chini taratibu.

Jerop aliandika upya palepale mezani. Yaliyokosekana aliyaweka mwanzo: kwenye shamba lako msimu huu hakuna kilichobadilika, endelea na njia uliyokuwa ukitumia kuzuia viwavi. Kisha: ukungu wa ghalani ni kitu kingine, nao ni sumu. Baada ya hapo tu ndipo kuvu ikaingia, na visahani, na viwavi wa maji, na yale ambayo Mideva hajui. Akamsomea Murunga kwa simu.

"Jerop, umeua habari," Murunga aliguna. "Nani atanunua gazeti ya kuambiwa hakuna kitu?"

"Kuna kitu. Kimeonekana maabara, hakijafika shambani. Ukiweka 'Mwisho wa Viwavi' juu yake, jina langu litoe."

Murunga alinung'unika, akasema itaingia ukurasa wa ndani, chini. Jerop alikubali.

Akawasomea tena wanawake. Safari hii walirudisha walichosikia bila kutofautiana, na bila furaha. Mama Cynthia alisema ataenda duka la agroveti kununua dawa kabla hawajafunga, na yale magunia atayafukia. Nanzala alisema yeye bado hakiamini chuo, ila sasa anajua kile asichokiamini.

Mama yake alikuwa ameshaitoa pampu nje, anaiosha.

"Huyo daktari, unamwamini?" aliuliza.

"Kwa kile alichokiona, ndiyo."

"Sawa." Mama aliifunga mikanda ya pampu, akakaa chini, akaikunja mikono. "Na wewe kuanzia leo usidhani nimeelewa kwa sababu nimeitikia na kichwa. Soma tena, polepole. Nitakwambia nimeskia nini."