Ukurasa wa Nne

Fundi Nyoofu hakupewa jina hilo kwa mzaha. Ukuta aliojenga yeye ungeweza kuuwekea pimamaji hata baada ya miaka ishirini, na kile kiputo chake cha hewa kikakaa katikati. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata akilala hulala kwa timazi. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hawakulijua, na laiti wangelijua wangecheka kicheko kingine: Nyoofu hakujua kusoma. Herufi hata moja.

Aliyelijua ni binti yake, naye alikuwa karani wa saiti ileile aliyojenga baba yake, mtunzaji wa michoro na makaratasi. Kazi ikija, maelezo ya injinia yalipitia mikononi mwake kwanza. Saa ya chai ya asubuhi wawili hao walijifungia stoo, juu ya mifuko ya saruji, binti akasoma, baba akasikiliza amefumba macho. Akisomewa mara moja, basi. Kichwa chake kilikuwa kabati. Mbele za watu walikuwa "fundi" na "karani". Mle stoo walikuwa baba na mwana.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukuta wa uwanja wa shule ya watoto wadogo: mita thelathini, umesimama wenyewe, hauna paa wala nguzo ya kuuegemeza. Maelezo yake yalikuwa kurasa nne.

Ukurasa wa kwanza ulisema nguvu ya tofali isipungue nyutoni saba kwa kila milimita mraba, na tofali zipelekwe maabara zikapondwe kabla ya kujengewa. Nyoofu akaitikia kwa kichwa. Wa pili ulikuwa wa mota: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, na mtu asizidishe saruji akidhani anaongeza nguvu. "Hapo huyo injinia ana akili," akasema. "Mota ikiwa ngumu kuliko tofali, ukuta ukisogea zinapasuka tofali zenyewe." Wa tatu ulikuwa wa maungio: unene milimita kumi, ya kulala na ya kusimama yajazwe kabisa, yabonyezwe kwa chuma mota ikianza kukaza.

Binti alipotaka kufunua wa nne, akasita. Kuna jambo alilotaka kulisema siku nyingi.

"Baba, kuna darasa la watu wazima pale karibu na kituo cha afya. Jioni, saa moja tu. Mimi sitakuwepo kila siku."

"Nikakae dawati moja na wajukuu wa watu?"

"Ni watu wazima, baba."

"Nimejenga mji huu bila kalamu. Wewe uliyesomeshwa na mwiko huu ndiye unaniona mjinga?"

Haya ndiyo maneno ya kuumizana ndani ya nyumba; anayeyasema hayapimi. Binti akasimama, akayapiga yale makaratasi juu ya mfuko wa saruji. "Basi iliyobaki soma mwenyewe."

Akatoka. Kesho yake akapelekwa makao makuu kufuatilia majibu ya maabara; siku ya tatu akapiga simu saiti kwamba tofali zimefaa, lakini akabakizwa huko wiki mbili. Nyoofu hakumwuliza mtu yeyote. Angemwuliza nani, na kwa uso gani? Akajiambia kurasa tatu zimesema tofali, mota na maungio. Ukuta una nini kingine?

Ulikuwa nacho. Ukurasa wa nne ulisema kila mita sita ukuta ukatwe, kutoka juu ya msingi hadi kileleni, iachwe nafasi ya milimita kumi isiyotiwa mota hata chembe. Ndani iwekwe sponji, nje izibwe kwa gundi laini, na vipande viwili vishikwe kwa vyuma bapa ambavyo upande mmoja vimevikwa mfuko ili viweze kuteleza. Kwa sababu tofali za saruji zikikauka husinyaa, jua likiziwakia hutanuka, na ukuta mrefu usipopewa mahali pa kusogea hujitafutia wenyewe.

Sasa mwambie hilo fundi wa zamani ambaye hajasomewa. Maungio yaliyosimama wima kutoka chini hadi juu, bila tofali kupishana, kwake ni aibu. Kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na wahenga si walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nyoofu akazipishanisha tofali zake mita zote thelathini, safu juu ya safu, akapiga plasta, akarudi nyuma hatua kumi kuutazama. Haikuwahi kutokea kazi nzuri kama ile.

Binti aliporudi akaukuta ukuta laini, hauna mstari hata mmoja. Akajua wa nne haukusomwa. Alijiambia atamwambia kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Baada ya miezi mitatu ufa ukatokea mita ya kumi na moja, mwingine mita ya ishirini. Nyufa zilipanda kama ngazi, zikifuata mota, hadi juu kabisa. Injinia akaja na mwenye shule, akabandua plasta kwa nyundo na kutazama. Hakuwa mtu mbaya, na alisema ukweli: majibu ya maabara ni nyutoni saba na nusu, mota ni sawa, maungio yamejazwa vizuri kuliko alivyoyaona popote.

"Kukata kwa mashine sasa hakufai," akasema. "Huu umesimama wenyewe. Nikiukata, kila kipande kitabaki hakijashikwa na jirani yake, na watoto wanacheza hapa chini. Utabomolewa." Akamgeukia Nyoofu. "Fundi, maelezo ulifikishiwa?"

Karani alikuwa amesimama kando, faili kifuani. Akafungua mdomo. Baba yake akamtazama mara moja tu, vile alivyokuwa akimtazama utotoni wageni wakiwepo, naye akaufunga.

"Nilifikishiwa," Nyoofu akasema. "Kurasa zote nne. Karani alifanya kazi yake."

"Na huu wa nne?"

"Niliusoma. Nikaona ni mambo ya vitabuni. Nikaupuuza."

Injinia akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema hawezi kufanya kazi na fundi anayepuuza, na kwamba atalazimika kuwaeleza wenzake. Nyoofu akaupangusa mwiko wake kwa gunia, akauweka mfukoni, akaondoka bila kugeuka. Miaka arobaini ya jina ikaisha hivyo, mchana kweupe, mbele ya vijana aliowafundisha kushika uzi.

Binti alibaki na ule ukweli. Kuusema kungemvua baba yake nguo ya mwisho. Kutousema kulimwacha yeye na kazi yake, na baba bila yake. Siku ya kubomoa ukuta aliandika idadi ya tofali zilizovunjika, machozi yakimdondoka kwenye karatasi hata mhuri ukachafuka.

Jioni ile alimkuta baba yake barazani, mikono magotini, haina cha kushika. Akaketi chini, karibu na miguu yake. Akatoa ukurasa wa nne, akausoma wote, polepole.

Nyoofu alifumba macho. Ulipokwisha akauliza.

"Vile vyuma, vinavikwa mfuko upande mmoja tu?"

"Mmoja tu, baba."

"Na sponji inaanzia juu ya msingi?"

"Juu ya msingi, mpaka kileleni."

Akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia stoo. "Kumbe ni kitu kidogo hivyo," akasema. "Asubuhi moja tu ningekimaliza. Hebu soma tena, mama."