Na ya Kutolea

Kahawa ya mkwe wangu Tabitha ilikuwa imeshikwa na kutu ya majani. Dawa alishapata, bomba la kunyunyizia hana. Navin, mwenye duka la pembejeo Ngarenaro, alimshushia bei ya bomba hadi elfu arobaini na saba, akamwekea mpaka Jumamosi jioni.

Jumamosi tukashuka na ndizi kutoka Akheri hadi sokoni Levolosi. Mteja wa kwanza akarusha elfu kumi na mbili kwa simu. Tabitha huyoo, mbio kwa wakala.

"Mwanangu, si usubiri?"

"Hela ya simu si hela, mama, mpaka niishike."

Akaishika: elfu kumi na mia tano. Elfu moja mia nne hamsini imekwenda na makato, hamsini imebaki kwenye simu. Ikaingia elfu tisa, akakimbia tena, akarudi na elfu nane.

"Wakala atakujengea sanamu," nikamwambia. Hakucheka. Miguu ilikuwa imemvimba.

Baadaye Bhavna, mke wa Navin, akanunua za elfu kumi na nne, akatuma hivyo hivyo kwa simu bila kuongeza ya kutolea, ile ya kufidia makato ya wakala. Mama ntilie mmoja akazimaliza ndizi, naye akarusha elfu kumi na tano. Tabitha akanyanyuka. Nikamvuta kanga.

"Kaa. Mkononi una kumi na nane na nusu. Kwenye simu ishirini na tisa. Ukitoa, wanakata karibu elfu mbili, bomba hulipati. Twende tumrushie Navin mwenyewe. Kutuma wanakata mia tano tu."

Dukani Navin akahesabu noti, akatazama simu. Ishirini na nane na mia tano imeingia. Na noti zile, arobaini na saba kamili.

"Shikamoo bibi. Lakini hapa hamjaweka ya kutolea."

Tabitha akainama kama mtu aliyetwishwa gunia. Simu yake haikuwa na hata shilingi.

"Marahaba, baba," nikasema. Nikamgeukia Bhavna aliyekuwa kwenye droo ya pesa. "Mama, zile ndizi zimeiva vizuri?"

"Bado, bibi, ni za kupika."

"Basi zipike taratibu. Ukishiba utakumbuka uliweka ya kutolea kiasi gani."

Bhavna akafunika mdomo. Akamwambia mumewe, "Navin, wape bomba lao. Hata mimi sikuweka."

"Sasa hiyo si hasara yangu?"

"Usiitoe," nikamwambia. "Mtumie anayekuletea mabomba. Naye akidai ya kutolea, mpelekee ndizi."

Akaguna, akashusha bomba kutoka rafuni.

Tabitha alilibeba mgongoni mpaka stendi. Pale akakumbuka nauli, akanitazama. Nikalipa ya wote wawili.

"Nitakurushia Jumatatu, mama."

"Weee! Utaniletea noti, mkononi."