Noti za Cherehani

Ng'washi, jirani yake Minza kule Kasoli, anaapa kuwa duka la Ikupa linakula pesa. Alikwenda kununua kitenge cha elfu ishirini, akaanza kuhesabu noti zake za elfu moja moja mezani. Alipofika kumi na tano, Ikupa akamuuliza, "Una watoto wangapi, mama?" Ng'washi akajibu, "Saba," kisha akaendelea: nane, tisa, kumi, mpaka ishirini. Akatoka ameacha elfu ishirini na nane, kwa kitenge kilekile cha elfu ishirini.

Minza alikicheka kisa hicho, lakini leo hacheki. Amesimama mbele ya Ikupa, na kifuani amefunga laki mbili na arobaini, pesa ya pamba yake yote ya msimu. Cherehani iko pale, nyeusi, inang'aa.

"Laki mbili na themanini," alisema Ikupa, mwenyeji wa Mbeya.

"Mayu, mama yangu, hiyo si bei ya cherehani, ni ya ng'ombe! Laki mbili."

"Ng'ombe hashoni! Mbili na sitini."

"Mbili na ishirini."

"Mbili na arobaini, sishuki tena. Chukua au iache ikae."

Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa pesa yake. "Haya," alisema Minza, akafungua kitambaa, akaanza kupanga noti za elfu kumi. "Moja, mbili, tatu..."

"Unatokea wapi, mdogo wangu? Umeolewa? Watoto wangapi?"

Minza akaikumbuka saba ya Ng'washi. Akazikusanya noti zote, akaanza upya, safari hii kwa sauti na kwa Kisukuma: imo, ibili, idatu, ine... Maswali ya Kiswahili yakawa yanapita juu ya kichwa chake kama ndege. Noti ya kumi akaikunja juu ya zile tisa, hivyo hivyo fungu la pili, na nne pembeni.

"Mbona hunijibu?"

"Nahesabu, mama. Haya, zamu yako."

Ikupa akashika noti. Midomo yake ikacheza, na Minza, anayetazama kila kitu, akagundua kuwa hicho nacho si Kiswahili. Kumbe na mwenzake anahesabia lugha ya nyumbani!

"Mama, duka hili lina miaka mingapi?"

"Minne," alisema Ikupa, na vidole vikasimama. Akazitazama noti. Akamtazama Minza. "Mtoto wewe! Nilikuwa nimefika ngapi?"

Wateja wakaangua kicheko, na Ikupa mwenyewe akacheka mpaka akaegemea cherehani. Akaanza tena, sasa kwa sauti na kwa Kinyakyusa cha kwao, kila noti kwa namba yake. Ishirini na nne.

"Zimetimia. Cherehani yako hiyo."

Minza akakikumbatia kichwa cha chuma cha cherehani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kitambaa chake kilikuwa kitupu.

"Mama Ikupa," alisema, bado anahema kwa furaha, "Kasoli ni mbali. Niachie noti moja tu, ya pikipiki."

Ikupa akazishika noti zile kifuani, akacheka, akamchomolea moja: "Chukua, lakini usiniulize tena swali nikihesabu!"